Choo kinavujisha maji usiku tu, bili imepanda mara tatu. Fundi kashakuja mara mbili bado

Baba Tausi:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa mwenye ujuzi wa mambo ya bomba maana nimechoka. Nyumbani tuko wanne, mimi mama na watoto wawili, miaka yote bili ya maji inacheza yuniti 8 mpaka 9 kwa mwezi. Mwezi uliopita ikaja 31. Nikaenda ofisi ya maji wakaja kukagua mita wakasema mita nzima, vuja iko ndani kwako. Nimezunguka nyumba yote sijaona pameloa popote, ukutani pakavu, nje pakavu.

Nina vyoo viwili vya kuflashi. Cha wageni, kile cha vitufe viwili, ndo nakisikia usiku, kimya kimya afu ghafla ssssss kama sekunde kumi hivi kinanyamaza, baada ya muda tena ssssss. Cha chumbani kwetu hakina kelele kabisa. Fundi kaja akasema tatizo ni boya, akabadilisha cha chumbani, mara ya pili akaja akakunja ule mkono wa boya, akachukua hela yake akaondoka. Sasa nimekaa naangalia mita usiku inazunguka na koki zote nimefunga. Nianzie wapi?

Kichwa Ngumu:
Boss hapo wala usisumbuke, ile koki ndogo ya ukutani inayoingiza maji kwenye tanki la choo izungushe ibaki nusu. Presha inapungua, tatizo limeisha. Mimi kwangu nimefanya hivyo vyoo vyote.

mswahili_wa_kisauni:
Pole sana ndugu yangu. Huku kwetu Mombasa mie nafunga koki kabisa, mtu akimaliza haja anafungua linajaa anafunga. Watoto wamezoea. Ila sasa ile koki yenyewe imeanza kutoa machozi pale kwenye kishikio, nadhani hazikutengenezwa za kufunguliwa na kufungwa mara ishirini kwa siku.

Fundi Mstaafu:
Baba Tausi kabla ya kununua kitu chochote nijibu maswali haya. Moja, maji ya vyooni yanatoka simtanki au moja kwa moja kwenye laini ya mtaani? Mbili, fungua mfuniko wa tanki la chumbani usiku, sio mchana, usiku kuanzia saa tano hivi, uniambie maji yamefika wapi ukilinganisha na lile bomba la katikati lililosimama, la ovaflo. Yako chini yake, yako sawa nalo, au yanaingia ndani yake. Tatu, hiyo floti ya chumbani ni ya mkono wenye boya mwishoni au ni ya mnara unaosimama wima?

Halafu Kichwa Ngumu, nusu koki haipunguzi presha. Inapunguza mwendo wa maji wakati yanatembea. Tanki likishajaa na maji yakasimama, presha upande huu wa koki na upande ule inakuwa ileile, hata ukiacha upenyo wa sindano. Ulichofanya kwako ni kwamba kama kuna vuja basi inavuja kidogo kidogo, sio kwamba imeacha.

Kichwa Ngumu:
Mzee mbona kwangu kelele iliisha?

Fundi Mstaafu:
Kelele ndio. Kelele inatoka na maji kupita kwa kasi. Kelele kuisha na maji kuacha kupotea ni mambo mawili tofauti, na hapa kwa mwenye uzi naona ndo hicho kinamchanganya. Twende taratibu.

Mama Wawili:
Jamani na mimi changu kina shida hiyohiyo, ukiflashi maji yanatoka mengi tu lakini uchafu haushuki, unazunguka zunguka mpaka uflashi mara tatu. Ni boya pia?

Fundi Mstaafu:
Hapana dada, hiyo sio shida hiyo. Ya kwako maji yanatoka, ila sinki halivuti, angalia vitundu vya chini ya ukingo wa sinki kama vimezibwa na chumvi, au bomba la kwenda shimoni limeziba kidogo, au lile la kupumulia. Fungua uzi wako tutakuja tusimvuruge mwenzetu.

Mama Wawili:
Sawa shikamoo, nafungua.

Baba Tausi:
Marahaba kwa niaba yake 😂 Mzee shikamoo. Majibu ni haya. Maji zamani yalikuwa ya simtanki, ipo juu ya mnara kama mita tatu hivi, tunapandisha kwa pampu kutoka tanki la chini. Pampu iliungua mwezi mmoja kabla ya hiyo bili, fundi akaniambia kwa sasa tuunganishe vyoo moja kwa moja laini ya mtaani mpaka nipate pampu nyingine. Floti ya chumbani ni ya mkono, ina boya dogo jekundu alilobadilisha yeye, dogo kama ngumi ya mtoto, la zamani lilikuwa kubwa zaidi.

Usiku nimefungua saa sita kasoro. Maji yako juu mpaka mdomo wa lile bomba la katikati, na ukimulika tochi unaona yanaingia kwa ndani utando mwembamba, hata sauti hakuna. Asubuhi saa mbili nimefungua tena, yako chini ya mdomo kama vidole viwili, hayaingii. Nimeshangaa.

Fundi Mstaafu:
Usishangae, umeshatoa jibu mwenyewe. Tatizo lilianza siku uliyounganisha laini ya mtaani, kwa sababu nozeli iliyomo kwenye hiyo floti ni ya simtanki.

Ngoja nieleze. Floti ya mkono ndani yake kuna pistoni fupi, mbele ya pistoni kuna washa ya raba, na mbele ya hiyo washa kuna nozeli, kidude cheupe cha plastiki au cha shaba chenye tundu. Maji ya bomba yanapita kwenye hilo tundu. Boya likipanda, mkono unasukuma pistoni, washa inaziba tundu. Kwa hiyo boya ni kama mtu aliyezuia mlango kwa mkono, na maji yako nje yanasukuma. Nguvu inayotakiwa inategemea presha ya maji na ukubwa wa tundu.

Nozeli ziko aina tatu, zinauzwa palepale dukani ila wengi hawaulizi. Ya presha ndogo tundu lake linakaribia milimita 6. Ya presha kubwa tundu ni kama milimita 3. Ya kati iko katikati. Tundu la 6 halina eneo mara mbili ya la 3, lina mara nne. Sasa simtanki yako iko mita tatu, maji yake yanaisukuma washa kwa nguvu ya gramu 80 na kitu tu kwenye tundu la 6. Boya hata dogo linaweza. Laini ya mtaani usiku watu wamelala hakuna anayechota, presha inaweza kufika sawa na tanki lililoko mita 30 au 40 juu. Tundu lilelile sasa linasukuma karibu kilo moja. Boya ili lipate nguvu hiyo ya ziada inabidi lizame zaidi, na ili lizame zaidi maji yanapanda, kwa hilo boya dogo na mkono mfupi ni sentimita tatu nne hivi. Mdomo wa ovaflo uko chini ya hapo. Basi maji yanaingia ovaflo kabla boya halijapata nguvu ya kufunga.

Asubuhi mtaa mzima unachota, presha inashuka, floti inafunga vizuri, fundi akija mchana anaona tanki zima. Ndo maana kabadilisha boya, na kubadilisha kubwa akaweka dogo kakuongezea tatizo.

Ughaibuni Baridi:
Mzee hapa umenikumbusha. Niko Uingereza miaka mingi, nyumba ninayokaa ni ya zamani, ovaflo ilikuwa inatokea nje ya ukuta, floti ikivuja jirani anakugongea anakwambia bomba lako linamwaga. Nimebadilisha choo juzi, hiki kipya ovaflo inaingia ndani ya sinki, ikivuja hamna anayejua. Nasikia sheria zao ziliruhusu mambo haya kuanzia 2001, kabla ya hapo ilikuwa lazima choo cha sifoni ambacho chini hakina raba ya kuvuja. Sasa hivi makampuni ya maji huku yanagawa vikaratasi vya kupimia kama choo kinavuja.

Fundi Mstaafu:
Ni kweli. Na sisi huku nyumba za serikali za zamani zilikuwa na tanki la chuma la juu lenye mnyororo, mle ndani ni sifoni. Zile zikichoka unavuta mnyororo mpaka mkono uume ndo zinashika, lakini zikitulia zimetulia, maji hayapiti chini.

Msomi wa Mtaani:
Mimi naona mnamzungusha bure. Dawa ni kukunja mkono wa boya uelekee chini, level ya maji inashuka, hata usiku yakipanda hayafiki ovaflo. Nimefanya hivyo miaka na haijavuja.

Fundi Mstaafu:
Hujakosea. Kama washa yako bado nzima, ukishusha maji sentimita nne au tano usiku yatapanda yatasimama chini ya mdomo. Gharama yake ni kwamba kila ukiflashi unaflashi na maji pungufu. Tanki la kawaida kwa ndani ni kama sentimita 35 kwa 14, piga hesabu, kila sentimita moja ya kina ni karibu nusu lita. Ukishusha nne umepoteza lita mbili za kusukuma, watu wanaanza kuflashi mara mbili, na faida yote imekwenda. Na kama mkono ni wa plastiki usikunje, una skrubu ya kurekebisha, ukikunja unakatika.

Na kitu kingine, washa iliyobanwa muda mrefu na presha kubwa inachimbika kaduara pale inapokutana na nozeli. Ikishachimbika hata ukishusha boya mpaka chini itaendelea kupitisha kidogo.

Kichwa Ngumu:
Sasa mzee maswali. Huyu jamaa yuniti 22 za ziada ni lita elfu 22. Utando mwembamba usio na sauti unaweza kumwaga lita elfu 22?

Fundi Mstaafu:
Gawa kwa siku 30. Ni lita 730 na kitu kwa siku. Gawa kwa dakika za siku nzima, unapata nusu lita kwa dakika. Chukua kikombe, fungua bomba la jikoni mpaka kijae nusu lita kwa dakika nzima, uone ni uzi gani wa maji unaotoka. Ni mwembamba mno. Ukiuteremsha ndani ya bomba la ovaflo husikii kitu, unachoona ni vimawimbi vidogo nyuma ya sinki tu, na hata hivyo lazima uiname.

Baba Tausi ila tusikisie. Leo usiku fanya hivi. Watu wakishalala andika namba za mita pamoja na zile nyekundu za mwisho. Usiruhusu mtu aflashi, wape ndoo 😂. Alfajiri soma tena. Halafu choo cha wageni kipime peke yake, jaza tanki, chora mstari wa penseli kwa ndani pale maji yalipo, funga koki ya ukutani kabisa, kaa saa moja, pima yameshuka kiasi gani.

Baba Tausi:
Sawa mzee, leo nafanya. Mama Tausi ananiangalia kama nimechanganyikiwa.

Binti Kigamboni:
Naomba kuuliza wakati tunasubiri. Sisi maji yetu ni ya kisima yana chumvi. Kila baada ya miezi michache choo kinaanza kuvuja, fundi anaondoa raba zote anaweka mpya. Hivi kuna raba inayovumilia chumvi?

Fundi Mstaafu:
Mara nyingi raba yenyewe sio mbovu dada. Chumvi inajijenga kwenye kingo raba inapokalia, panakuwa na mikwaruzo, raba haikai bapa. Kabla hujanunua nyingine pitisha kidole kwenye duara hilo, ukisikia pana ukwaruzo weka siki usiku kucha, ikilainika sugua na kitambaa au upande wa kijani wa sponji bila kubonyeza sana. Usitumie kisu. Kama na siki haitoki hapo ndo unabadilisha. Na kama mnaweka vile vidonge vya bluu au vyeupe vya dawa ndani ya tanki, acheni, vile vyenye klorini vinakula raba, unakuta imevimba na ikiguswa inakuachia weusi mkononi.

Binti Kigamboni:
Weusi mkononi!! Ndo hivyohivyo ilivyokuwa. Vidonge nilikuwa natumia kwa harufu.

Baba Tausi:
Nimerudi na namba. Mita saa tano usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, masaa sita, imekwenda 0.240. Hakuna aliyeflashi, nimelala na ufunguo wa choo mfukoni. Kwa hiyo lita 240 kwa masaa sita, lita 40 kwa saa.

Choo cha wageni nimefunga koki, mstari umeshuka sentimita tatu kwa saa moja. Tanki lake nimepima kwa rula ni 35 kwa 14 kama ulivyosema.

Kichwa Ngumu:
Sentimita tatu ni lita moja na nusu kwa saa. Mara 24 ni lita 36. Mwezi ni yuniti moja tu! Kumbe ile inayopiga kelele haina shida??

Fundi Mstaafu:
Ina shida ila ndogo. Ile ya wageni inavuja chini, kwenye raba ya kutolea maji. Maji yanashuka taratibu, boya likishuka kiasi floti inafunguka inajaza sekunde kumi, ssss, inafunga. Unaisikia kwa sababu inafungua na kufunga. Ya chumbani haifungi kabisa ndo maana haina mlio wowote. Ukimtuma mtu anayefuata kelele atatengeneza ya yuniti moja ataacha ya yuniti ishirini na moja.

Na angalia hesabu inavyokaa. Usiku lita 40 kwa saa, toa moja na nusu ya wageni, imebaki kama 38. Kama ingekuwa hivyo mchana na usiku mwezi ungepata zaidi ya yuniti 27 za ziada, wewe umepata 22. Mchana presha ikiwa chini inapungua au inaacha kabisa, na siku za mgao hakuna kinachopotea. Inaingia akilini.

Baba Tausi:
Kwa hiyo sasa nifanyeje, hatua kwa hatua tafadhali maana sitaki kumwita tena yule fundi.

Fundi Mstaafu:
Ya chumbani kwanza. Funga koki ya ukutani, flashi tanki litoke maji. Shika boya, utaona mkono umeshikwa na pini ya shaba iliyopinda miguu, inyooshe kwa plaizi uitoe, mkono utatoka. Weka tishu kwenye tundu la chini kabla, pini ikidondoka sinkini utaitafuta mpaka Mbagala. Pistoni inateleza inatoka, mara nyingine inashikwa na chumvi, isukume kwa bisbisi kutoka chini pale mkono ulipokuwa unaingia. Kichwa cha pistoni kinafunguka, washa iko humo. Itazame kwenye mwanga, kama ina kaduara kamechimbika badilisha. Ukikosa dukani kwa leo igeuze upande wa pili, inakupa wiki kadhaa.

Nozeli iko nyuma ya pale pistoni ilipokuwa. Ili uitoe lazima utenganishe mwili wa floti na paipu inayoingia, kwa spana mbili, moja inashikilia paipu isizunguke kwenye tanki. Ukiitoa soma pembeni yake, mara nyingi imeandikwa herufi HP, yaani presha kubwa, au LP, presha ndogo. Kama hakuna maandishi chukua msumari wa milimita tatu, ukicheza humo ndani basi sio ya presha kubwa. Kanunue ya HP na washa yake. Ukiwa umeondoa nozeli fungua koki sekunde chache maji yamwagike kwenye ndoo, kwa sababu mgao ukirudi maji huja na mchanga na kutu, na punje moja ikikaa kati ya washa na nozeli kazi yote uliyofanya ni bure.

Rudisha boya kubwa kama bado unalo. Litikise kwanza sikioni, ukisikia maji ndani limetoboka. Ukimaliza weka maji yasimame vidole viwili chini ya mdomo wa ovaflo na uyaangalie USIKU, usiyaangalie mchana ukafurahi.

Msomi wa Mtaani:
Washa unakata tu tyubu ya baiskeli mzee, mambo ya kununua ya nini.

Fundi Mstaafu:
Nimekata sana zamani. Inafanya kazi, lakini tyubu ni nyembamba na laini, kwenye presha kubwa inasukumwa inaingia kwenye tundu la nozeli. Kwenye simtanki inadumu. Bei ya washa ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuifuata, mimi naona haina haja.

Msomi wa Mtaani:
Mimi ya kwangu ina mwaka wa pili iko laini ya mtaani haijavuja. Tutofautiane tu.

mswahili_wa_kisauni:
Na kile choo cha vitufe viwili cha wageni atafanya nini?

Fundi Mstaafu:
Vingi vya hivyo mwili mzima wa katikati unatoka kwa kuuzungusha robo duara na kuunyanyua, huhitaji kufungua tanki kutoka kwenye sinki. Chini yake kuna raba ya duara. Ioshe, futa na kingo inapokalia, kama imelala upande mmoja igeuze. Ila kabla ya yote angalia vile vijiti vya vitufe. Vikiwa virefu mno, ukifunga mfuniko vinakuwa vimeshabonyeza kidogo, raba inanyanyuka nywele moja, na ukifungua mfuniko kuangalia inakaa vizuri huoni kosa. Lazima kuwe na uchezaji mdogo, milimita mbili tatu, kati ya kitufe na kijiti.

Ughaibuni Baridi:
Hapo kwenye vijiti hapo!! Mimi nilibadilisha raba kumbe ni vijiti.

Baba Tausi:
Wakuu narudi na mrejesho. Nozeli iliyokuwemo ni LP kweli, herufi zinasomeka. Washa ina duara limechimbika mpaka unaweza kuliingiza kucha. Nimeweka HP na washa mpya na boya kubwa la zamani, nilikuwa bado nalo stoo. Pistoni ilikataa kutoka nikaipiga siki kwanza. Mchanga umetoka kwenye paipu kama kijiko kidogo, mweusi mweusi.

Usiku saa sita nimefungua mfuniko, maji yamesimama chini ya mdomo kama sentimita moja na nusu. Yamepanda kidogo kuliko mchana lakini hayaingii. Choo cha wageni vijiti vilikuwa vimebana, nimevipunguza, na raba nimefuta. Mita saa tano mpaka saa kumi na moja haijasogea hata ile nyekundu ya mwisho.

Kichwa Ngumu:
Hongera mkuu. Na mimi jana nimemulika tochi kwangu. Sisemi nilichokiona.

Fundi Mstaafu:
😂 Fungua hiyo koki yako yote kwanza, ndo uone vizuri.

Baba Tausi:
Ila mzee kuna kitu kimoja. Mchana presha ikiwa ndogo tanki linachukua kama dakika kumi kujaa, zamani ilikuwa mbili. Asubuhi watoto wanaenda shule wakifuatana ni foleni. Na mwisho wa mwezi pampu nanunua narudi simtanki. Nirudishe LP?

Fundi Mstaafu:
Ukirudi simtanki moja kwa moja, na laini ya mtaani haigusi tena vyoo, rudisha LP na washa mpya, utajaza haraka. Tatizo ni mtu anayebadilisha badilisha, leo mtaa kesho simtanki. Nozeli ya kati inasaidia kiasi, lakini kwenye presha ya usiku kama ya kwako siwezi kukuahidi.

Msomi wa Mtaani:
Si aweke tu kipunguza presha pale maji yanapoingia nyumbani? Kimoja kinatosha nyumba nzima.

Fundi Mstaafu:
Kinasaidia usiku. Mchana presha ikiwa ndogo tayari hakiongezi, na maji yetu ya mchanga kile kidude kinaziba upesi usipoweka chujio mbele yake na kulisafisha. Nimeona nyumba kinafanya kazi miaka, nimeona kingine kimekufa mwaka wa kwanza. Mimi ningekuwa yeye ningelisha vyoo na simtanki tu, siku zote, na laini ya mtaani iishie kujaza simtanki.

mswahili_wa_kisauni:
Lakini hapo floti ya simtanki yenyewe si ndo itakuwa inakabiliana na hiyo presha ya usiku? Ikivuja je?

Fundi Mstaafu:
Swali zuri. Kwa Baba Tausi inategemea laini yake inajaza la chini au la juu. Ile nayo iwe HP, na ovaflo yake uitoe mahali unapoiona, juu ya njia ya mlangoni kama ikibidi, imwagike kichwani kwako asubuhi ukitoka. Ukiichomeka ikaingia moja kwa moja kwenye mtaro umetengeneza choo kingine kisicho na sauti.

Baba Tausi:
Inajaza la chini, ovaflo iko nyuma ya nyumba karibu na migomba. Ile migomba imestawi sana mwaka huu, kesho naenda kuiangalia hiyo floti.